Barua ya nauli ambayo mkuu wa shule anaweza kuikagua

Barua nyingi za kuomba posho ya usafiri hukwama kwa sababu zinalalamika tu. Mwalimu anaandika kwamba anaishi mbali na maisha yamepanda, lakini mkuu wa shule hapati tarakimu ya kupeleka kwa mhasibu.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari binafsi Tanzania. Kutoka kwake hadi shuleni ni kilomita 17: 14 kwa daladala, nauli shilingi 700, na 3 za barabara ya vumbi ambako daladala haifiki. Asubuhi hupanda bodaboda kwa shilingi 1,500 ili awahi. Jioni hutembea hadi kituoni. Baada ya anwani, tarehe na "YAH: MAOMBI YA POSHO YA USAFIRI", barua yake inasema:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kila siku ya kazi nasafiri kilomita 34, kwenda na kurudi. Asubuhi natumia shilingi 2,200: daladala 700 na bodaboda 1,500. Jioni natumia 700 ya daladala; kilomita 3 natembea. Jumla kwa siku ni shilingi 2,900. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi ni shilingi 63,800. Naomba posho ya kiasi hicho, ipungue katika miezi ya likizo kulingana na siku nitakazofika kazini."

Kosa la kawaida ni kuzidisha kwa siku 30. Mwalimu huyu angepata shilingi 87,000, yaani 23,200 zaidi ya anachotumia. Mkuu anayejua ratiba ya shule ataliona hilo mara moja, kisha atatilia shaka hata nauli zilizo sahihi. Kosa la pili ni kuzidisha gharama ya asubuhi mara mbili, ilhali jioni ni nafuu. Kama wakati wa masika hawezi kutembea jioni, aongeze sentensi ya kuomba shilingi 1,500 kwa siku za mvua tu, bila kuzichanganya na hesabu ya kawaida.

Vielelezo navyo vina kazi yake. Nauli ya daladala ni rahisi kuthibitisha kwa sababu hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Bodaboda haina tiketi, na bei yake ni ya mapatano. Hivyo aandike kwenye daftari tarehe na kiasi alicholipa kwa wiki mbili, kisha aambatishe nakala.

Kwa mwalimu wa serikali, hesabu ni ileile ila njia ni tofauti. Barua huelekezwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na chini ya anwani huandikwa "K.K. Mkuu wa Shule", yaani kupitia kwake. Mkuu huweka maoni na saini kabla ya kuipeleka mbele. Mwalimu abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ili akifuatilia ajue barua ilifika lini na kwa nani.