Asilimia 20 Inayofuta Safari 40

Tuchukue idara ya usafiri yenye magari matatu. Bajeti yake ya mwezi ni shilingi milioni 4.8. Mkuu wa idara anaipeleka juu, nayo inarudi na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: punguza asilimia 20.

Asilimia 20 ni shilingi 960,000. Zitoke wapi? Mishahara ya madereva watatu ni milioni 1.8, bima na maegesho ni laki sita. Hizo milioni 2.4 zinalipwa hata magari yakilala mwezi mzima, ndiyo maana zikaitwa gharama zisizobadilika. Zilizobaki, nazo milioni 2.4, ni mafuta, matairi na posho za kulala safarini, kwa makadirio ya kilomita 6,000. Hapo kila kilomita ina shilingi 400 zake. Gari lisipotoka, hazitumiki.

Basi makato yote yataangukia huku. Ukitoa 960,000 kwenye milioni 2.4, inabaki 1,440,000, ambayo inatosha kilomita 3,600 tu. Aliyedhani amepunguza moja ya tano amefuta safari mbili katika kila tano. Madereva watatu bado wanalipwa, ila sasa wanashinda kivulini.

Ndiyo sababu mwidhinishaji makini huuliza mgawanyo huo kabla ya kushika kalamu. Na mara nyingi haupati, kwa sababu kasma zimepangwa kwa majina ya vitu. Kasma inayoitwa "Madereva", kwa mfano, hubeba mshahara na posho pamoja. Mshahara haujali safari, posho inazifuata. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuweka mezani hesabu za mwezi wenye safari nyingi na za mwezi wenye safari chache. Tofauti ya gharama ukiigawa kwa tofauti ya safari unapata gharama ya safari moja; ukiondoa gharama ya safari zote za mwezi mmojawapo, kinachobaki ndicho cha kudumu. Ila usichague mwezi ambao gari lilipata ajali, maana bili ya gereji itakudanganya.

Mgawanyo ukishaonekana, swali lenyewe hugeuka. Badala ya "punguza asilimia 20", mwidhinishaji anauliza: je, magari mawili yanatosha? Kilomita 3,000 kwa gari moja ni kama 115 kwa siku, ukihesabu siku 26 za kazi. Kwa safari za mjini zisizogongana saa, inawezekana. Gari la tatu likiondoka, linaondoka na mshahara wa laki sita na laki mbili za bima na maegesho. Pengo linabaki 160,000, sawa na kilomita 400. Kilomita 5,600 zinabaki salama, badala ya 3,600.

Lakini fedha hizo hazitaonekana mwezi ujao. Bima imeshalipiwa mwaka mzima, na dereva ana mkataba na haki ya kupewa notisi. Mafuta unaweza kuyapunguza leo jioni. Gharama ya kudumu hupungua pale tu ahadi yake inapokwisha. Kwa hiyo mwidhinishaji hutaka kando ya kila kasma ya namna hiyo paandikwe tarehe ya mkataba kumalizika, na gari la nne likiombwa, hulitazama kwa miaka yote litakayokaa kwenye bajeti.