Nyonga imevunjika, upasuaji umepita: bibi ale nini?

Mzee akirudi nyumbani baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, kitu cha kwanza kinachobandikwa jikoni mara nyingi ni sufuria ya supu ya mifupa. Hoja ni kwamba mfupa hujenga mfupa. Supu ni tamu, inapasha mwili na inaongeza maji, lakini kwa kazi inayotakiwa hapa haitoshi hata kidogo. Kalsiamu iliyo kwenye mfupa haiyeyuki kwa urahisi ndani ya maji yanayochemka, kwa hiyo inayofika kwenye bakuli ni kidogo sana. Mgonjwa aliyeshiba supu huwa hana tena nafasi ya kula samaki au mayai.

Tena mfupa wenyewe siyo tatizo la haraka kuliko yote. Daktari ameshaushika kwa vyuma au ameweka nyonga ya bandia. Kinachopotea kwa kasi ni misuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya nzuri kwa siku 10 tu, na kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na kidonda wala maumivu. Mwanamke wa miaka 76 aliyeanguka, akapasuliwa, halafu akapoteza hamu ya kula, hali yake ni ngumu zaidi. Bila misuli ya mapaja hawezi kuinuka kitini, na asipoinuka hata mazoezi ya kutembea yanakwama.

Bibi wa kilo 50

Chukua mfano wa bibi wa miaka 76 mwenye kilo 50, figo zake nzima, hana kisukari. Kwa mzee aliye katika hali ya kupona, wataalamu wa lishe hukadiria gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwake yeye ni kati ya gramu 60 na 75. Nguvu ya chakula chote huhesabiwa kama kalori 30 kwa kilo, yaani kalori 1500 hivi. Hili la kalori lisipuuzwe, kwa sababu mwili ukikosa wanga na mafuta ya kutosha huichoma hiyo protini kama kuni.

Sasa angalia anachokula wiki ya kwanza nyumbani. Asubuhi ni chai ya rangi na slesi mbili za mkate. Mchana ni ugali kidogo na mchicha. Usiku wali vijiko vichache na ile supu. Ukijumlisha yote, protini haizidi sana gramu 20, ambayo ni theluthi moja tu ya anachohitaji. Na nyumba nzima inaamini bibi anakula, maana kila mlo alipelekewa sahani. Akiulizwa anasema, "Nimeshiba mwanangu, niacheni nilale."

Kumjazia sahani hakusaidii, kwani sahani kubwa humkatisha tamaa. Kinachofanya kazi ni kuweka zaidi ndani ya kile kidogo anachokikubali.

Uji ndio mahali rahisi pa kuanzia. Uji wa unga na maji matupu una gramu mbili au tatu za protini kwa kikombe. Ukipikwa kwa kikombe cha maziwa (gramu 8), ukakorogewa vijiko viwili vya mezani vya maziwa ya unga yenye mafuta (gramu 4) na kijiko kimoja cha siagi ya karanga (gramu 4), mambo yanabadilika. Yai moja la kuchemsha linaongeza gramu 6. Kifungua kinywa hicho kinafika gramu 24, na kwa macho bado ni uji na yai tu.

Mchana apate kipande cha samaki au kuku kinacholingana na kiganja chake, kisicho na miiba, pamoja na wali laini na mboga. Hapo ni gramu nyingine 24 hivi. Usiku ndizi zilizopondwa na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva sana, na juu yake konzi ndogo ya dagaa wakavu waliooshwa vizuri, wakapikwa bila kuongezwa chumvi. Hiyo ni kama gramu 20. Kati ya milo, kikombe cha mtindi kinaongeza 8. Jumla inakaribia 76. Akibakiza kidogo huku na kule, na atabakiza, bado anaangukia kwenye 60.

Milo mitatu ilingane protini kwa kadiri inavyowezekana. Misuli ya mzee haisikii haraka kama ya kijana. Inahitaji gramu 25 hivi kwa mkupuo mmoja ndipo iamke. Kumpa nyama yote usiku na kumwachia chai na mkate asubuhi ni kupoteza nafasi.

Kopo la maziwa ya wagonjwa

Dukani kuna makopo ya unga wa lishe kwa watu wazima. Miongozo ya Ulaya ya lishe ya wazee inashauri waliovunjika nyonga wapewe vinywaji vya aina hii baada ya upasuaji, na kwa mzee mwenye utapiamlo vinatakiwa kumpa angalau kalori 400 na gramu 30 za protini kwa siku, kwa mwezi mmoja au zaidi. Bei yake ndiyo inayoumiza. Wengine hulichanganya jepesi ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na matokeo yake mgonjwa anakunywa maji yenye ladha ya vanila.

Mfuko usiporuhusu, kipo cha kutengeneza nyumbani. Kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, vijiko viwili vya maziwa ya unga, kijiko cha siagi ya karanga na ndizi mbivu moja, visagwe pamoja. Kinywaji hicho kina gramu 17 za protini na kalori zaidi kidogo ya 400. Kigawanywe mara mbili, nusu saa nne asubuhi na nusu saa kumi jioni. Siku hizo mtindi unaweza kukaa pembeni.

Kiwe cha duka au cha nyumbani, kinywaji kinywewe katikati ya milo. Kikipelekwa dakika kumi kabla ya chakula, bibi atakunywa na chakula kitarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Kalsiamu: hesabu kwanza, kidonge baadaye

Mwanamke wa umri huu anahitaji miligramu 1200 hivi za kalsiamu kwa siku, chakula na vidonge vikijumlishwa pamoja. Watu wengi hununua vidonge kabla hawajahesabu sahani. Kwa bibi wetu, maziwa ya kwenye uji, maziwa ya unga na mtindi vinampa kama 700. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaongeza miligramu mia kadhaa. Mchicha, pamoja na sifa zake nyingine, haumsaidii sana hapa, kwa kuwa una asidi inayoishika kalsiamu yake isifyonzwe. Sukuma wiki ni bora zaidi kwa kazi hii.

Kwa hesabu hiyo, kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa siku kinamtosha, na siku yenye dagaa wa kutosha pengine hakihitajiki kabisa. Vitatu kwa siku ni kumtafutia choo kigumu, na hicho tayari anacho kutokana na dawa za maumivu kama tramado na kulala sana.

Kwenye lebo kuna mtego. Ikiandikwa kalsiamu kaboneti 1250, hiyo siyo 1250 ya kalsiamu. Asilimia 40 tu ndiyo kalsiamu yenyewe, yaani 500. Aina hii imezwe pamoja na chakula. Mwili haufyonzi vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, kwa hiyo wanaohitaji vidonge viwili wavitenganishe, kimoja mchana na kingine usiku.

Vitamini D na hatari ya dozi kubwa

Bila vitamini D, kalsiamu hupita tumboni bila kufyonzwa ipasavyo. Jua ndiyo chanzo kikuu, ila bibi anayelala chumbani, au anayetoka amejifunika mwili mzima, halipati. Kiasi kinachoshauriwa kwa waliovuka miaka 70 ni uniti 800 kwa siku. Kwenye kichupa zimeandikwa IU. Vidonge vingi vya kalsiamu vimeshachanganywa na vitamini D, hivyo lebo isomwe kwanza. Kama kidonge chake kina uniti 400, anahitaji nyingine 400 tu.

Kuna vidonge vya uniti 50,000. Hivyo daktari huandika kwa aliyepungukiwa sana, kwa kawaida kimoja kwa wiki na kwa wiki chache. Makosa hutokea pale ndugu wanapomeza kama panado, kila siku kimoja. Dalili za kuzidisha ni kichefuchefu, kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, choo kugoma na kuchanganyikiwa. Hizo zikitokea, vidonge visimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali. Wazo la kumpa mzee dozi moja kubwa ya mwaka mzima pia limeshajaribiwa. Huko Australia wanawake zaidi ya 2,000 walihusishwa, nusu wakapewa uniti 500,000 mara moja kwa mwaka, na matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha waliopewa walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao.

Pale mpango unapobadilika

Mwenye ugonjwa wa figo asipandishiwe protini wala kalsiamu kabla daktari hajaona vipimo vyake. Mwenye kisukari anaweza kutumia mpango huu, ila ndizi na kopo lenye sukari vipimwe na mtaalamu wa lishe. Akikohoa kila anapokunywa, au chakula kikibaki mdomoni, hilo ni tatizo la kumeza na linahitaji kuangaliwa kabla ya kulazimisha uji.

Baada ya kuvunjika nyonga daktari anaweza pia kuandika dawa ya kuimarisha mifupa, mfano alendroneti, ambayo mara nyingi humezwa mara moja kwa wiki. Siku hiyo ratiba ya asubuhi inageuka: dawa kwanza, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, kisha akae wima dakika 30 bila kula wala kulala. Ikimezwa na uji wa maziwa haifanyi kazi, kwani kalsiamu inaizuia. Vidonge vya madini ya chuma navyo vikae mbali na kalsiamu kwa saa mbili hivi, na visimezwe kwa chai.

Njia ya kujua kama mpango unashika ni mzani, mara moja kwa wiki, mzani uleule, asubuhi. Bibi wa kilo 50 akishuka hadi 47.5 ndani ya mwezi amepoteza asilimia tano, na hapo asisubiri tarehe ya kliniki. Miguu ikiwa imevimba mzani hudanganya, kwa sababu maji huficha nyama iliyopungua. Katika hali hiyo anayemhudumia aangalie kama bibi anainuka kitini kwa urahisi kuliko wiki iliyopita, na kabla ya kuosha sahani aandike kilichobaki.