Orodha ya Vifaa kwenye Waifai: Inamzuia Nani, Haimzuii Nani

Chukua duka la stesheneri lenye kompyuta mbili, printa ya waifai na simu za wafanyakazi watatu. Intaneti imelipiwa, lakini kila jioni inakuwa nzito kwa sababu nywila ilishatoka nje. Mteja mmoja alipewa ili atume faili, naye akampa mwenzake. Siku hizi hata kuitamka si lazima, kwani simu iliyokwisha kuunganishwa huweza kuonyesha msimbo wa QR, na mwingine akiupiga picha anaingia. Mwenye duka anataka vifaa vyake sita tu viingie, na ruta nyingi za nyumbani zinaweza kumfanyia hivyo.

Kila kifaa cha waifai hujitambulisha kwa anwani ya MAC, yaani jozi sita za tarakimu na herufi kuanzia A hadi F, kwa mfano `3C:52:82:1B:7E:40`. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri uandike:

```
ipconfig /all
```

Tafuta sehemu ya waifai, kisha usome mstari wa `Physical Address`. Kompyuta yenye waifai na waya ina anwani mbili tofauti, kwa hiyo angalia usichukue ya waya. Kwenye simu, anwani hiyo iko ndani ya mipangilio, kwenye taarifa za kifaa au za mtandao uliounganishwa. Ya printa mara nyingi hupatikana kwenye ukurasa wa taarifa za mtandao ambao printa yenyewe huuchapa.

Ukishaziandika zote, ingia kwenye ruta kwa kivinjari, kwa kawaida kupitia `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Anwani sahihi mara nyingi imebandikwa chini ya ruta. Tafuta sehemu ya waifai yenye jina kama `MAC Filtering`. Hapo mpangilio wa hatua una uzito wake: ingiza kwanza vifaa vyote sita, kikiwemo hicho unachotumia, ndipo uchague kuruhusu vilivyoorodheshwa tu na kuwasha kichujio. Ukikiwasha orodha ikiwa tupu, unajifungia nje wewe mwenyewe. Likitokea hilo, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kwa sababu kichujio cha waifai kwa kawaida hakigusi waya. Kwa sababu hiyohiyo, mgeni anayeweza kufikia tundu la waya hazuiwi.

Sasa simu ya mfanyakazi mmoja inakataa, ingawa imo kwenye orodha na nywila ni sahihi. Mara nyingi chanzo ni faragha ya simu yenyewe. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, ili isifuatiliwe kila inakokwenda. Kuitambua ni rahisi: tazama alama ya pili ya anwani ambayo simu inatumia. Ikiwa ni 2, 6, A au E, kama katika `DA:41:…`, basi ni ya kubuni. Fungua mipangilio ya mtandao wa duka pekee, uchague anwani halisi: kwenye Android ni `Use device MAC` au jina linalofanana nalo, na kwenye iPhone unazima `Private Wi-Fi Address`. Mitandao mingine iachie faragha yake.

Hapo mteja aliyepewa nywila na jirani hataingia, na kwa mwenye duka hiyo ni nafuu ya kweli. Tatizo ni kwamba anwani ya MAC si siri. Nywila ya WPA2 huficha yaliyomo kwenye mawasiliano, lakini anwani za mtumaji na mpokeaji husafiri wazi hewani katika kila kipande cha data. Mtu mwenye kompyuta iliyo na kadi ya waifai inayofaa na programu ya bure anaweza kukaa nje ya duka, akaziona anwani zinazotumika bila kuunganishwa popote. Kisha anaivalisha kompyuta yake anwani mojawapo. Kwenye Linux ni kazi ya amri chache. Ruta ni kama mlinzi wa ukumbini anayesoma jina kifuani bila kudai kitambulisho. Akisubiri hadi simu ya mfanyakazi iondoke, mwizi huyo anaingia bila kishindo. Wakiwa hewani pamoja, mtandao wa mfanyakazi unaweza kukatikakatika bila sababu ya wazi, na hiyo ni dalili ya kuichunguza.

Zingatia kwamba mwizi huyo bado anahitaji nywila. Ikiwa ile iliyosambaa haijabadilishwa, anayo tayari, na orodha ndiyo kizuizi pekee kilichobaki. Nao mtandao usio na nywila kabisa haulindwi na kichujio, maana hakifichi chochote kinachosafiri.

Kwa hiyo, mwenye duka, anza kwa kubadili nywila. Weka ndefu, chagua WPA2 au WPA3, zima WPS, na wateja wafungulie mtandao wa wageni wenye nywila yake. Orodha ya vifaa iongeze baada ya hayo, ikiwa uko tayari kuihariri kila simu mpya inapokuja.