Barua ya Kuomba Radhi kwa Kazi Iliyokwama kwenye Makabidhiano ya Zamu

Kazi inayochelewa wakati zamu zinapopokezana mara nyingi huwa haikusahauliwa na kila mtu. Ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye tayari yuko njiani kurudi nyumbani. Katika vituo vya huduma kwa wateja, maombi hupangwa kwenye foleni ndani ya mfumo wa kompyuta. Mfanyakazi akichukua ombi, mfumo huliandika jina lake na kuliondoa miongoni mwa yale yanayosubiri. Asipolirudisha kwenye foleni kabla ya kutoka, zamu inayoingia huona foleni safi na kuamini kwamba hakuna kiporo.

Mfano ufuatao unaonyesha hali hiyo. Duka la mtandaoni linatuma faili ya bei mpya za bidhaa 180 saa 7:10 mchana. Mkataba unataka kazi ikamilike ndani ya saa 2, yaani kabla ya saa 9:10 alasiri. Mfanyakazi anaichukua saa 7:40, anabadilisha bei za bidhaa 60, kisha zamu yake inaisha saa 8:00. Muda wa mwisho unapokaribia, mfumo unatuma onyo, lakini linakwenda kwake peke yake. Saa 10:05 jioni mteja anauliza kulikoni. Bidhaa 120 zilizobaki zinakamilika saa 10:40, saa moja na nusu baada ya muda wa ahadi.

Mteja huyo anastahili barua mbili. Ya kwanza ni fupi na hutumwa mara tu tatizo linapogundulika: kazi haijakamilika, inaendelea sasa, na taarifa kamili itafuata. Barua hii haielezi chanzo, kwa sababu bado hakijathibitishwa. Ya pili huandikwa baada ya kazi kukamilika na kumbukumbu za mfumo kusomwa, maana saa zinazotajwa kwa kubahatisha zikipingwa na kumbukumbu za mteja, barua nzima hupoteza imani yake.

Barua ya pili inaweza kusomeka hivi:

*Kuh: Kuchelewa kwa bei mpya za bidhaa 120*

*Ndugu Meneja,*

*Tunaomba radhi. Bei mpya mlizotuma leo saa 7:10 mchana zilipaswa kuwa tayari saa 9:10 alasiri, lakini zilikamilika saa 10:40 jioni. Bidhaa 60 zilikuwa zimeshabadilishwa kufikia saa 8:00. 120 zilibaki na bei ya zamani hadi zilipokamilishwa.*

*Kosa ni letu. Kazi hii haikukabidhiwa tulipobadilishana zamu, na onyo la muda halikumfikia msimamizi aliyekuwa kazini.*

*Bei zote 180 zimehakikiwa. Tunaandaa orodha ya oda za bidhaa hizo 120 zilizopokelewa kati ya saa 9:10 na saa 10:40, nanyi mtaipata kesho kabla ya saa 4:00 asubuhi. Kuanzia leo, maonyo ya muda yanamfikia pia msimamizi wa zamu.*

*Msimamizi wa Zamu*

Radhi imetangulia, ikafuatwa na saa halisi. Barua isiyo na nguvu husema “tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza”, maneno yanayoacha shaka kama usumbufu ulikuwapo. Chanzo kimeelezwa kwa sentensi moja tu bila kumtaja mfanyakazi, kwa kuwa mteja ana mkataba na kampuni, na kupangana kwa zamu si jukumu lake. Aya ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi kwa mwenye duka: anahitaji kujua ni oda zipi zilizouzwa kwa bei ya zamani ili aamue la kufanya. Fidia haikutajwa, kwani hiyo hufuata mkataba, na msimamizi hapaswi kuahidi asichokuwa na mamlaka nacho.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Mfumo huandika 15:10 pale mzungumzaji wa Kiswahili anaposema saa 9:10 alasiri. Kwa mteja aliye nje ya Afrika Mashariki, ni salama kuandika 15:10 na kutaja kwamba ni saa za Afrika Mashariki.

Ahadi iliyo mwishoni mwa barua lazima iwe imeshatekelezwa kabla ya barua kutumwa. Katika mfano huu, onyo linaelekezwa pia kwa msimamizi, na kila anayetoka anarudisha kazi zake kwenye foleni pamoja na maelezo mafupi: imefikia wapi, imebaki nini, inatakiwa saa ngapi. Msimamizi anayeingia hatazami foleni pekee. Anafungua pia orodha ya kazi zilizo chini ya majina ya waliokwisha kutoka. Orodha hiyo ikiwa tupu, makabidhiano yamekamilika.