Sana, Mno, Kabisa na Tele: Kila Neno na Mahali Pake

Sana, mno, kabisa na tele mara nyingi hufundishwa kwa pamoja, kana kwamba yote yana kazi moja ya kutia nguvu. Lakini sukari ikimalizika koponi, tunasema imekwisha kabisa. Hakuna asemaye imekwisha sana. Kinyume chake, anayekimbia huambiwa amekimbia sana. Tofauti hii inatokana na maana ya neno linalotangulia: je, linataja jambo lenye viwango, au jambo lenye kikomo? Kukimbia, kuchoka na urefu vina viwango, ndiyo maana tunaweza pia kusema amechoka kidogo. Kufa, kwisha na kuwa wa kwanza havina kidogo wala zaidi, hivyo hufuatwa na kabisa: amekufa kabisa, wa kwanza kabisa. Basi kidogo ni kipimo kizuri: likikaa vizuri baada ya neno kwa maana ya kiwango, sana nalo litakaa.

Msomaji anaweza kupinga kwamba maneno mengine hupokea yote mawili. Ni kweli, ila maana hubadilika. Ndege aliye juu sana yuko mbali na ardhi. Aliye juu kabisa ya mti yuko kileleni, hata kama mti wenyewe ni mfupi. Vitambaa vilivyo tofauti sana huenda bado vikalingana rangi, lakini vilivyo tofauti kabisa havilingani kwa lolote. Katika ukanushi pengo huwa kubwa zaidi: sipendi sana pilipili huacha nafasi ya kuionja, ilhali sipendi pilipili kabisa huifunga. Hata anayesema nzuri kabisa anaueleza uzuri huo kuwa umetimia, hauna upungufu.

Mno hufuata maneno yaleyale ya viwango, lakini huongeza kwamba kiasi cha kawaida kimevukwa. Mchuzi wenye chumvi nyingi mno umeharibika. Wenye chumvi nyingi sana huenda ukaharibika au ukavumilika. Wapo watakaosema kwamba nimefurahi mno si lawama hata kidogo. Sawa, kwa kuwa furaha kupita kiasi haimdhuru mtu. Kuvuka kiasi kumo katika mno. Lawama au sifa hutokana na jambo linalozungumziwa.

Tele hujitenga na wenzake wote, kwa sababu hueleza wingi wa vitu wala si kiwango cha sifa. Hufuata nomino, kama samaki tele, au vitenzi vya kuwapo na kujaa: maembe yapo tele, watu wamejaa tele. Halifuati kivumishi cha sifa wala kitenzi cha hisia. Embe tamu tele na anapenda tele hayasemwi. Utamu ukizidi, tunarudi kwenye sana au mno. Maembe yakizidi sokoni, hapo tele lina kazi.