Mhoji akinuna, usijaze kimya chake kwa maneno

Umetoka Waa asubuhi na mapema, ukasimama stejini hadi ukapata matatu ya kwenda Ukunda, kisha tuktuk ikakufikisha kwenye hoteli ya Diani ulikoitwa kwa mahojiano ya kazi ya mapokezi. Shati limenyooka, vyeti viko kwenye faili. Unaingia, unasalimia kwa adabu, na bosi aliye upande wa pili wa meza anasema "keti" bila hata kuinua macho. Hatabasamu. Hatikisi kichwa. Unajibu swali la kwanza, anaandika kitu, kisha anakutazama tu.

Hapo ndipo wengi wetu huanza kutokwa na kijasho chembamba na kujiambia: nishakosa hii kazi.

Pole pole kwanza. Mara nyingi huo ubaridi haukuhusu. Kwenye majopo mengi, kila mhoji ana fomu ya alama mbele yake na maswali ni yale yale kwa kila mtu. Akikuchekea wewe na kumnunia aliyekutangulia, atakuwa amemsaidia mmoja. Kwa hivyo wengine huuzuia uso wao makusudi. Wengine wameshahoji watu kumi tangu asubuhi na wamechoka. Na wapo wanaonuna kwa sababu wanataka kuona utafanya nini, hasa kwa kazi ya mapokezi, ambapo wageni wenyewe si wote wanaokuja na tabasamu.

Kutoka pale ulipoketi huwezi kujua ni yupi kati ya hao. Na habari njema ni kwamba huhitaji kujua, kwa sababu jibu ni lile lile kwa wote.

Kitu kinachoangusha vijana wengi ni kimya kuliko swali. Umeulizwa, "Umewahi kufanya kazi hotelini?" Umejibu vizuri: "Ndiyo, nilikuwa mapokezi kwa miezi 5, nikiwapokea wageni na kushughulikia malipo yao." Mhoji ananyamaza. Sekunde tatu zinapita kama saa nzima. Unaona lazima useme kitu, basi unaongeza: "Lakini si kwamba nilikuwa najua kompyuta sana, mara nyingi kuna dada alikuwa ananisaidia." Kalamu inaanza kukimbia. Jibu la kwanza lilikuwa lako, hili la pili umempa bure.

Ukimaliza kujibu, maliza. Weka mikono yako juu ya mapaja au mezani, mtazame, ngoja. Kimya kikizidi, uliza kwa upole: "Kuna sehemu ungependa nieleze zaidi?" Sasa yeye ndiye anayetakiwa kusema.

Na moyo unaodunda? Ukiogopa, pumzi huwa fupi, na sauti hupanda juu kama ya mtu anayegombana. Dawa yake ni kutoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara mbili au tatu. Hilo hupunguza mapigo ya moyo na hakuna atakayeliona. Ukihitaji muda, rudia swali kwa maneno yako: "Unauliza kwa nini niliacha kazi ya kwanza, sivyo?" Umepata sekunde tano, na umehakikisha hujibu swali ambalo hukuulizwa.

Tuje kwa maswali ya kubana. Aprili 2021, Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) iliwahoji waliotaka kumrithi David Maraga kama Jaji Mkuu, na Wakenya wakafuatilia moja kwa moja kwenye runinga. Martha Koome ndiye aliyechaguliwa. Wahojiwa walikuwa watu wazito, wenye miaka mingi katika sheria, na bado walikalishwa kwa saa nyingi wakieleza mambo waliyoyafanya kazini, majaji wakiulizwa hata kuhusu maamuzi yao wenyewe. Swali gumu huwa halitoki mbali. Kwa kawaida limo kwenye karatasi uliyoipeleka wewe mwenyewe.

Basi usiku wa kuamkia siku hiyo, soma wasifu wako kama mtu asiyekupenda. Tafuta mashimo matatu. Tuseme shimo lako ni hili: ulifanya kazi kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha hakuna kitu mpaka leo. Mhoji analiona na kusema, "Miezi mitano tu, wakakufukuza. Ulikuwa na shida gani?"

Ukisema "hapana, si kweli!" umeshaanza kubishana. Ukianza kuisema vibaya hoteli ya zamani, huyu wa mbele yako anajiuliza utamsema vipi yeye. Jibu lenye mguu ni fupi na lina tarehe: "Nilichukuliwa kwa msimu. Mvua za masika zilipoanza wageni walipungua, na Aprili hoteli ikapunguza wafanyakazi wa muda, mimi nikiwa mmoja wao. Tangu hapo nimekuwa nikimsaidia mama dukani, naandika mauzo na madeni ya kila siku." Yeyote anayefanya kazi Diani anajua msimu wa chini ni nini. Angalia pia kwamba jibu halikulirudia neno "kufukuzwa". Ukilirudia, hata kwa kulikana, ndilo litakalobaki mezani.

Lakini kama kweli ulifukuzwa, usidanganye. Pwani hii ya kusini ni ndogo na mameneja wanapigiana simu. Sema kosa kwa sentensi moja, na ulichobadilisha kwa sentensi nyingine.

Wakati mwingine mhoji hugeuka mgeni: "Nimeshuka ndege Ukunda, sasa ni saa nne asubuhi, nimelipa pesa nyingi, na mnaniambia chumba hakiko tayari. Upuuzi gani huu?" Usimweleze kanuni kwanza, hata kama chumba hutolewa saa nane mchana. Anza na yeye: "Pole sana kwa safari. Naomba niwaulize wahudumu wa vyumba chako kimefikia wapi. Mizigo naweza kukuwekea hapa, na nitarudi kukupa jibu baada ya dakika kumi." Umesikia, umesema utafanya nini, na umetaja muda. Akiendelea kufoka, usipandishe sauti, rudia lile lile taratibu. Anachopima hapo ni sauti yako zaidi ya maneno.

Kuna mpaka, hata hivyo. Dada akiulizwa, "Una mpango wa kuzaa lini?" hilo si swali la kumpima utulivu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kubagua mtu kwa sababu kama ujauzito, jinsia au dini, na kinagusa hata hatua ya kuajiri. Unaweza kulijibu kwa kurudi kazini: "Kama swali ni kuhusu zamu, za usiku na za wikendi naweza kufanya." Akisisitiza, una haki ya kusema, "Hilo ni la kibinafsi, naomba tuendelee." Na matusi, au ofa ya kazi kwa malipo ya pesa au mwili? Chukua faili lako, aga, ondoka. Hiyo si presha ya mahojiano.

Yakiisha salama, uliza lini watatoa jibu, shukuru, toka. Kisha ndani ya matatu, kabla hujapita Tiwi, andika kwenye simu maswali yote uliyoulizwa, hasa lile lililokukaba koo. Hoteli inayofuata huenda ikakuuliza lile lile.