Gololi na Hatua za Mchezo wa Mtoto

Mtoto mchanga huanza kucheza peke yake. Anachokishika hukitia mdomoni, hukigonga sakafuni, hukiangusha na kukiokota tena, kwa sababu anataka kujua kitu hicho kinafanya nini. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza mabadiliko yanayofuata katika kitabu chake cha mwaka 1932, akitumia gololi. Binti yake Jacqueline, aliyekaribia miaka 3, alizidondosha zulianii, akazirundika, kisha akazifanya chakula cha kupika. Hakukuwa na kanuni yoyote.

Kati ya miaka 3 na 6 hivi, mtoto huiga wakubwa: huchora mraba chini na kulenga gololi zilizomo. Lakini wawili wakicheza pamoja, kila mmoja hufuata njia yake, na wote wanaweza kudai wameshinda bila kugombana. Kwa kweli hapo bado hawajashindana.

Ushindani huanza karibu na miaka 7. Hata hivyo Piaget aliwauliza wenzi wa mchezo mmoja mmoja, akapata maelezo yaliyopingana. Kufikia miaka 11 hivi, kundi zima lilizijua kanuni kwa undani, na likakubali kuwa zinaweza kubadilishwa wote wakiafikiana. Wadogo walikataa wazo hilo, wakiamini kanuni zimewekwa na wakubwa.

Umri huo ni wa makadirio. Kwa hiyo mzazi asimwite mwizi mtoto wa miaka 4 anayevunja kanuni, bado hajaielewa.